Mtoto kapata 720, mwalimu anataka 360, na 720 inagawanyika kwa namba zote. Kosa liko wapi?

#1 Mama Nuru
Habari za jioni wadau. Swali la darasa la sita limetugawa hapa nyumbani:

"Mabasi ya njia tatu hutoka stendi moja. La kwanza hutoka kila baada ya dakika 24, la pili kila baada ya dakika 36, la tatu kila baada ya dakika 40. Yote matatu yalitoka pamoja saa 12:00 asubuhi. Yatatoka tena pamoja saa ngapi? Hadi saa 12:00 jioni yatakuwa yametoka pamoja mara ngapi?"

Mtoto kapanga 24, 36, 40 kwenye ngazi. Kagawa kwa 6, kisha 4, kisha 2, kisha 3, kisha 5, mpaka chini zikabaki 1, 1, 1. Kazidisha 6 × 4 × 2 × 3 × 5 akapata 720. Dakika 720 ni masaa 12, kwa hiyo kaandika saa 12:00 jioni. Kapigwa mkasi. Jibu la mwalimu ni dakika 360.

Nimejaribu mwenyewe: 720 kwa 24 ni 30, kwa 36 ni 20, kwa 40 ni 18. Hakuna baki popote. Sasa amekosea nini?

#2 Tausi wa Pwani
Yote mawili si sahihi. Swali linasema "pamoja", yaani shirika, kwa hiyo tafuteni KKS. 24, 36 na 40 kigawo kikubwa chao cha shirika ni 4. Mabasi yanakutana kila dakika 4.

#3 Chaki Nyeupe
Tausi, angalia jibu lako kabla ya kulituma. Basi la kwanza likishatoka saa 12:00 halitoki tena mpaka 12:24. Litakutanaje na wenzake saa 12:04? Tukio linalojirudia kila dakika 24 hutokea kwenye dakika ya 24, 48, 72 na kuendelea, yaani kwenye vigawe vya 24. Tukitafuta dakika ya kukutana tunatafuta kigawe cha wote watatu, na cha kwanza kukutana nacho ndicho kidogo. Hiyo ni KDS.

Mama Nuru, njia salama ni kuivunja kila namba peke yake mpaka zibaki namba tasa tupu:

24 = 2 × 2 × 2 × 3
36 = 2 × 2 × 3 × 3
40 = 2 × 2 × 2 × 5

Kwa KDS, kila namba tasa iliyojitokeza ichukue mahali ilipojirudia mara nyingi zaidi. Mbili imejirudia sana kwenye 24 na 40, mara tatu. Tatu imejirudia sana kwenye 36, mara mbili. Tano ipo mara moja kwenye 40. Basi 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 = 360.

Kwa KKS unafanya kinyume: unachukua zile tu zilizomo katika namba zote, na mahali zilipojirudia mara chache zaidi. Mbili imo kote, na mara chache zaidi ni mbili, pale kwenye 36. Tatu haimo kwenye 40, iache. Tano haimo kwenye 24, iache. Inabaki 2 × 2 = 4. Tausi hesabu yake ya KKS ni sawa, ila ameitumia kwenye swali lisilo lake.

#4 Mama Nuru
Asante mwalimu, 360 nimeiona. Lakini swali langu bado lipo. Mtoto hakukosea kugawa hata mstari mmoja. Ngazi imemdanganya wapi?

#5 Kijana wa Takwimu
Sababu ametumia 6 na 4, ambazo si namba tasa. Kwenye ngazi ni marufuku kugawa kwa namba isiyo tasa. Ukivunja hiyo sheria jibu linaharibika. Basi.

#6 Mzee Kokotoo
Kijana umelenga vizuri lakini umekaza sana. Angeanza na 4 badala ya 6 asingeharibu kitu, maana 4 inaingia kwenye 24, 36 na 40 zote. Angepata 6, 9, 10, na kutoka hapo akiendelea na 2, 3, 3, 5 anafika 360 bila tabu. Namba isiyo tasa ina hatari pale inapoingia kwenye baadhi tu ya namba za mstari.

Tufuate ngazi ya mtoto tuone:

```
6 | 24  36  40
4 |  4   6  40
2 |  1   6  10
3 |  1   3   5
5 |  1   1   5
  |  1   1   1
```

Mstari wa kwanza. Sita ni 2 na 3 zilizofungwa pamoja. Inaingia kwenye 24 na 36, inatoa mbili moja na tatu moja kila mahali. Kwenye 40 haiingii kwa sababu 40 haina tatu, kwa hiyo mtoto kaishusha 40 nzima, kama sheria ya ngazi inavyosema. Hapo ndipo penye kosa. Arobaini haina tatu lakini mbili anayo, na ile mbili ilitakiwa itoke kwenye mstari huohuo pamoja na za wenzake. Imekosa kutoka kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye furushi moja na tatu.

Mstari wa pili ni yaleyale. Nne inaingia kwenye 4 na 40, haiingii kwenye 6, nayo 6 inashuka na mbili yake ndani.

Mstari wa tatu mtoto anakuta bado kuna mbili zinazosubiri kwenye 6 na 10, anazitoa.

Sasa hesabu mbili alizotoa upande wa kushoto: moja ndani ya 6, mbili ndani ya 4, moja yenyewe. Jumla nne. Lakini katika 24, 36 na 40 hakuna hata moja yenye mbili nne, mwisho ni tatu. Mbili moja imehesabiwa mara ya ziada, na 360 × 2 ndiyo hiyo 720.

#7 Mama Nuru
Hapa nimeelewa kabisa. Kwa hiyo 720 ni kigawe cha shirika, ila si kidogo.

#8 Mzee Kokotoo
Ndivyo. Na ile njia uliyotumia kuhakiki inapima nusu ya kazi tu. Kugawa bila baki kunaonyesha ni kigawe cha shirika. Udogo wake bado hujaupima.

#9 Binti Mtondoo
Udogo unapimwa hivi: yatazame yale majibu ya kugawa. 720 ilitoa 30, 20 na 18. Zote tatu zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo 720 inaweza kupunguzwa mara mbili na bado ikabaki kigawe cha wote. 360 inatoa 15, 10 na 9. Hizo zimekwisha, hazina cha kushirikiana.

Sheria: majibu ya kugawa yasiwe na kigawo chochote cha kushirikiana, hata mawili mawili.

#10 Chaki Nyeupe
Binti, ondoa hayo maneno ya mwisho. 15 na 10 zinashirikiana 5, na 15 na 9 zinashirikiana 3, lakini 360 ni jibu sahihi. Sharti ni kwamba kusiwe na namba tasa inayoingia katika yote matatu kwa pamoja. Mkazo wa mawili mawili unafaa pale namba za swali zikiwa mbili tu.

#11 Binti Mtondoo
Kweli, nimekubali. Nilikuwa nimekariri kutoka kwenye maswali ya namba mbili.

#12 Chaki Nyeupe
Tukiwa hapo hapo kwenye ngazi, kuna kosa jingine ambalo ni la kawaida kuliko hilo la 6. Mwanafunzi anagawa kwa 2, anapata 12, 18, 20. Anagawa tena kwa 2, anapata 6, 9, 10. Hapo anaona hakuna namba inayoingia katika zote tatu, anasimama, anazidisha 2 × 2 × 6 × 9 × 10 na kupata 2160. Amechanganya mahali pa kusimama. Kwa KKS unasimama hapo, na jibu ni 2 × 2. Kwa KDS unaendelea kugawa hata kama ni namba mbili tu, au moja tu, inayogawanyika, mpaka chini ziwe 1 tupu. Ukikuta mtoto kapata 2160, mpeleke kwenye kipimo cha Binti: majibu ya kugawa ni 90, 60 na 54, zote zinagawanyika kwa 6, na 2160 kwa 6 ni 360.

#13 Mpiga Debe
Mimi naona tatizo la swali lenyewe. Stendi gani basi linatoka kwa dakika? Basi linatoka likijaa. Hiyo KDS yenu mpeni abiria aliyekaa dirishani anasubiri kiti cha nyuma kipate mtu, muone atawajibu nini.

#14 Mzee Kokotoo
Mpiga Debe umesema jambo la maana sana. KDS inafanya kazi kwa masharti mawili: hatua ziwe sawa kila mara, na wote waanze pamoja. Basi linalosubiri kujaa halina hatua iliyo sawa, kwa hiyo hesabu yote inakufa. Ndiyo maana maswali mengi ya namna hii hutumia kengele au taa.

#15 Bakari wa Ratiba
Hilo sharti la pili, la kuanza pamoja, lina mambo. Na mimi nina kesi ya namna hiyo mezani sasa hivi, pampu mbili zisizoanza kwa wakati mmoja. Kama basi la kwanza linaanza saa 12:00 na la pili linaanza 12:10, nichukue KDS ya 24 na 36 ambayo ni 72, kisha nijumlishe zile 10? Yaani wakutane 1:22?

#16 Mpiga Debe
Gawanya ile tofauti kwa mbili. Wakutane katikati, 1:17.

#17 Mzee Kokotoo
Hapana kwa wote wawili. Orodhesheni muone. La kwanza linatoka 12:00, 12:24, 12:48, 1:12, 1:36. La pili linatoka 12:10, 12:46, 1:22, 1:58. Saa 1:22 la kwanza halipo, na 1:17 hakuna basi lolote.

Endeleeni kuorodhesha mpaka usiku, hayakutani kamwe. Na hapa ndipo ile KKS ya Tausi inapopata kazi yake. KKS ya 24 na 36 ni 12. Dakika za basi la kwanza, ukihesabu tangu saa 12:00, ni 0, 24, 48, 72, zote zinagawanyika kwa 12. Dakika za basi la pili ni 10, 46, 82, 118, na kila moja ukiigawa kwa 12 inabaki 10. Kuongeza 36 hakubadilishi hilo baki, maana 36 yenyewe inagawanyika kwa 12. Namba inayobakiza 10 haiwezi kuwa sawa na namba isiyobakiza kitu, hata mngengoja mwaka mzima.

Kwa hiyo unapoambiwa mawili hayakuanza pamoja, tafuta KKS ya hatua zao, ukagawe nayo tofauti ya kuanza. Ikibakiza kitu, hayakutani. Isipobakiza, yatakutana, na yakishakutana mara moja yatarudia kila baada ya KDS. KKS inakwambia kama yatakutana, KDS inakwambia kila baada ya muda gani.

Bakari, la pili likianza 12:12 badala ya 12:10, tofauti ni 12, inagawanyika kwa 12. La kwanza linatoka 12:24 na 12:48, la pili 12:12 na 12:48. Wamekutana 12:48, kisha kila baada ya dakika 72.

#18 Bakari wa Ratiba
Nimeshika. Pampu zangu moja inawaka kila baada ya dakika 24, nyingine 36, na sitaki ziwake kwa pamoja kwa sababu zinavuta umeme mwingi wakati wa kuwaka. Kumbe nikichelewesha moja kwa dakika 10 sina wasiwasi.

#19 Kijana wa Takwimu
Angalizo: saa za kuwashia pampu zikiteleza hata dakika moja kwa juma, ile 10 itageuka 11 halafu 12, na siku hiyo zitawaka pamoja. Chagua tofauti iliyo mbali na 0 na mbali na 12, yaani 6. Na uzirekebishe mara kwa mara.

#20 Mama Nuru
Na mabasi yakiwa matatu kama ya kwenye swali?

#21 Mzee Kokotoo
Unapima jozi zote tatu, usiruke hata moja. KKS ya 24 na 36 ni 12, ya 24 na 40 ni 8, ya 36 na 40 ni 4. Tuseme la kwanza linaanza 12:00, la pili 12:12, la tatu 12:08. Tofauti ya la kwanza na la pili ni 12, sawa. La kwanza na la tatu ni 8, sawa. La pili na la tatu ni 4, sawa. Yatakutana.

#22 Kijana wa Takwimu
Nimeipitisha kwenye kompyuta kutafuta saa yenyewe, dakika 720 tangu saa 12:00 asubuhi:

```
for t in range(721):
    if t % 24 == 0 and (t - 12) % 36 == 0 and (t - 8) % 40 == 0:
        print(t)
```

Imetoa 48 na 408. Yaani 12:48 asubuhi na 6:48 mchana. Kati yake ni 360 kamili.

#23 Tausi wa Pwani
Kwa hiyo KKS yangu haikwenda bure 😊

Turudi kwenye sehemu ya pili ya swali, mbona mmeiruka? Mara ngapi hadi saa 12 jioni? Masaa 12 ni dakika 720. 720 kwa 360 ni 2. Jibu mara 2.

#24 Chaki Nyeupe
Mara 3. Saa 12:00 asubuhi, saa 6:00 mchana, saa 12:00 jioni. Ile 2 ni idadi ya vipindi vilivyo katikati. Nguzo tatu za uzio zina nafasi mbili kati yake.

#25 Binti Mtondoo
Inategemea. Swali la kwanza linasema "tena", ambalo linaacha lile la asubuhi nje. Kama sehemu ya pili inaendeleza hilohilo, ni 2.

#26 Chaki Nyeupe
Sehemu ya pili haina "tena". "Yatakuwa yametoka pamoja mara ngapi" inajumuisha kila mara yalipotoka, na la saa 12:00 asubuhi yalitoka pamoja, swali lenyewe limesema.

#27 Binti Mtondoo
Na hiyo "hadi saa 12:00 jioni", je, saa 12:00 yenyewe imo? Mwingine atasema imo, mwingine atasema unaishia mlangoni. Ukiitoa, unarudi kwenye 2 kwa njia nyingine.

#28 Mama Nuru
Mwalimu wa mtoto ameandika 3. Lakini naona Binti ana hoja.

Kuna jambo dogo mmelipita. Mtoto wa jirani alipata 360 sawasawa, kisha akaandika "saa 18:00".

#29 Chaki Nyeupe
Hiyo ni ya saa zetu. Dakika 360 kwa 60 ni masaa 6. Saa 12 asubuhi ukiongeza 6 unapata 18, toa 12, ni saa 6, na kwa kuwa umevuka kutoka asubuhi ni saa 6 mchana. Akiandika 18:00 bila maelezo, anayesoma kwa saa za kizungu ataelewa saa 12 jioni, jibu lilelile baya la 720. Mfundishe aandike "saa 6:00 mchana", neno "mchana" lina alama yake.

#30 Fundi Salama
Salaam. Nimeona KKS nikaja mbio, labda mnanisaidia. Chumba ni mita 3.6 kwa 2.8, mteja anataka marumaru za mraba zisizokatwa hata moja. Nichukue ukubwa gani?

#31 Chaki Nyeupe
Weka kwa sentimita: 360 na 280. 360 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. 280 = 2 × 2 × 2 × 5 × 7. Zilizomo kote ni 2 × 2 × 2 × 5 = 40. Marumaru za 40 kwa 40, tisa upande mmoja na saba upande wa pili, jumla 63.

#32 Fundi Salama
Za 40 zinapatikana dukani. Ila mwalimu umesahau grauti. Naacha milimita 3 kati ya marumaru na marumaru. Tisa zina mianya minane, milimita 24. Saba zina mianya sita, milimita 18. Safu ya mwisho haitaingia bila kukatwa.

#33 Kijana wa Takwimu
Basi hesabu marumaru pamoja na mwanya wake kama kipande kimoja cha milimita 403. Tisa zinataka 3627, toa mwanya wa mwisho wa 3, zinabaki 3624. Ukuta una 3600. Kweli unakosa 24. KKS inakupa ukubwa wa kuanzia tu. Kinachoamua ni ukubwa halisi wa kipande na ukuta ulivyonyooka.

#34 Fundi Salama
Nitakata safu ya upande wa mlangoni. Shukrani.

#35 Nahau
Naomba kuuliza la lugha, kwa sababu naona watoto wengi wanaanguka hapo kabla hata ya kugawa. Kwa nini kigawo na kigawe? Herufi moja tu.

#36 Binti Mtondoo
Kikubwa cha kukumbuka: KKS inatoa namba ndogo, KDS inatoa namba kubwa. Kinyume cha majina.

#37 Nahau
Hiyo ni ya kukariri, na inamwacha mtoto na swali kwa nini "kikubwa" kiwe kidogo. Tazama kiishio. Kitu cha kufungia ni kifungo, cha kufunikia ni kifuniko, cha kupimia ni kipimo. Basi cha kugawia ni kigawo: 4 ni kigawo cha 24 kwa sababu tunaigawa 24 kwayo. Kwa upande mwingine, aliyeumbwa ni kiumbe, aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule. Basi kinachogawanywa ni kigawe: 360 ni kigawe cha 24 kwa sababu yenyewe ndiyo inayogawanywa. Vigawo haviwezi kuzidi namba yenyewe, ndiyo maana hata kikubwa chao ni kidogo. Vigawe vinaanzia kwenye namba yenyewe na kupanda, ndiyo maana hata kidogo chao ni kikubwa.

#38 Mpiga Debe
Na D ya KDS imetoka wapi, wakati ni Kigawe Kidogo cha Shirika? Ilitakiwa KKS pia.

#39 Nahau
Ndiyo sababu yake, zingegongana. Imechukuliwa D ya "kidogo".

#40 Bakari wa Ratiba
Nahau, ukiwa hapo kwenye lugha, nisaidie hili. "Asha huenda kliniki kila baada ya siku 6, Rehema kila baada ya siku 8. Leo Jumatatu wamekutana. Watakutana tena siku gani?" Mimi nimechukua KDS ya 6 na 8, 24. Siku 24 ni majuma matatu na siku 3, kwa hiyo Alhamisi.

#41 Nahau
Mimi nasoma tofauti. "Baada ya siku 6" maana yake siku sita zipite, na ya saba ndiyo aende. Jumatatu kaenda, Jumanne mpaka Jumapili ni siku sita, Jumatatu anakwenda tena. Kwa hiyo hatua ni 7 na 9, KDS ni 63, majuma tisa kamili, siku ni Jumatatu.

#42 Chaki Nyeupe
Kwa masaa na dakika hakuna anayesoma hivyo. Dawa ya kila baada ya masaa 8 ukiimeza saa 2 asubuhi, unaimeza tena saa 10 jioni, humezi saa 11. Siku zisomwe vivyo hivyo.

#43 Nahau
Saa 2 ni nukta, siku ni kipande kirefu chenye mwanzo na mwisho. Ukisema "baada ya siku moja" tangu Jumatatu, mwingine anaelewa Jumanne, mwingine anaelewa Jumatano kwa sababu Jumanne ndiyo siku iliyopita katikati. Mtunzi wa swali angeandika "kila siku ya sita" au atoe tarehe mbili za mwanzo.

#44 Mzee Kokotoo
"Kila siku ya sita" nayo ina ugomvi: ukiihesabu Jumatatu yenyewe kuwa ya kwanza, ya sita ni Jumamosi, hatua ni 5. Mimi namuunga mkono Chaki kwa mtihani, kwa sababu ndivyo maswali yanavyosahihishwa. Lakini kwa kliniki ya kweli, muulize nesi tarehe.

#45 Nyenze
Samahani kuchelewa. Kuna mfano wa KDS unaoruka na mabawa. Huko Marekani kuna nyenze wanaokaa ardhini miaka mingi kisha wanatoka wote kwa mkupuo. Makundi mengine hutoka kila miaka 13, mengine kila miaka 17. Mwaka 2024 kundi moja la 13 na moja la 17 yalitoka mwaka mmoja. 13 na 17 zote ni namba tasa, hazina cha kushirikiana, KDS ni 13 × 17 = 221. Toa 221 kwenye 2024, unapata 1803, mwaka yalipotoka pamoja mara ya mwisho kabla ya hapo. Tena itakuwa 2245.

#46 Tausi wa Pwani
Kwa nini wachague namba tasa? Wadudu wanajua hesabu?

#47 Nyenze
Wapo wanaosema ni kukwepa maadui. Mdudu wa miaka 12 angekutana kila anapotoka na adui anayeongezeka kila miaka 2, 3, 4 au 6. Mdudu wa miaka 13 anakutana na adui wa miaka 4 mara moja katika miaka 52. Wengine wanasema ni kuepuka makundi yasizaane yakachanganya miaka yao. Wengine wanatazama baridi ya zama za kale. Haijaisha.

#48 Kijana wa Takwimu
Na hapo kwa 13 na 17 unazidisha tu. Kwa namba mbili zozote, zidisha kisha gawa kwa KKS, umepata KDS: 24 × 36 ni 864, kwa 12 ni 72. Kwa tatu vilevile.

#49 Mzee Kokotoo
Kwa tatu hapana. 24 × 36 × 40 ni 34560. Gawa kwa KKS 4, unapata 8640, na jibu ni 360. Nenda mbili mbili: 24 na 36 zimetoa 72. Kisha 72 na 40, KKS yake ni 8, 72 × 40 ni 2880, kwa 8 ni 360.

#50 Chaki Nyeupe
Njia hiyo inasaidia sana pale namba zinapokataa kuvunjika. Mpe mtu 1147 na 1271 aanze na 2, 3, 5, 7, 11, atachoka. Yukilidi alishaonyesha zamani kwamba KKS inapatikana bila kuvunja kitu. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki: 1271 kwa 1147 inabaki 124. Gawa 1147 kwa 124, inabaki 31. Gawa 124 kwa 31, haibaki kitu. KKS ni 31. Na sasa ukigawa kila moja kwa 31 unapata 37 na 41, zimevunjika zenyewe.

#51 Mama Nuru
Asanteni nyote. Mtoto amerudia ngazi kwa namba tasa tupu, kapata 360, kisha kagawa na kupata 15, 10, 9 akasema "hazina cha kushirikiana zote". Ameniuliza swali moja sikuweza: basi la nne likiongezwa, linalotoka kila baada ya dakika 45, kwa nini jibu halibadiliki?

#52 Binti Mtondoo
Mwambie aivunje 45.

#53 Mama Nuru
3 × 3 × 5. Zote zimo tayari ndani ya 360. Ameona.

#54 Nahau
Bakari, nimemuuliza mtu anayetunga mitihani kuhusu "kila baada ya siku 6". Amesema Alhamisi. Mwenzake aliyekuwa pembeni amesema Jumatatu.